Maswali ya kila siku kuhusu daftari la thamani ya nyumba hapa Bondeni: nani kapanga bei ya nyumba yako, unapingaje, na inabadilishwa lini

Nimeandika haya sababu kila manispaa ikitoa daftari jipya simu yangu haipoi, na wengi wanaouliza ni watu wetu, Wabongo, Wakenya, Wakongo, waliojinyima wakanunua nyumba au fleti huku Sauzi halafu siku moja inaingia barua inasema nyumba yako ina thamani ya milioni moja na laki sita na nusu na mtu hajui hata hiyo hesabu imetoka wapi. Mimi sio wakili. Nimefanya kazi kwa madalali wa nyumba miaka mingi na fomu za pingamizi nimejaza mpaka nimechoka. Huku kodi ya manispaa wote tunaiita reti, na mimi nitaiita hivyo hivyo.

Hilo daftari ni kitu gani hasa?

Ni orodha ya kila kiwanja, nyumba na fleti ndani ya manispaa, na kila moja imeandikiwa namba ya stendi, yaani namba ya kiwanja, mwenye nyumba, ukubwa, anwani, matumizi yake na thamani ya soko. Inatengenezwa chini ya Sheria namba 6 ya 2004 ya kodi za majengo za manispaa, na ni mali ya umma, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kulifungua akaangalia, na manispaa yenye tovuti lazima iliweke huko pia. Kwa hiyo ya jirani unaweza kuiona na yeye ya kwako anaiona, usimnunie.

Cha kushika kabla hatujaenda mbali: daftari halisemi unalipa shilingi ngapi, au niseme randi ngapi. Daftari linasema bei ya nyumba tu. Kiasi cha kulipa kinatoka kwingine, na hapa ndipo watu tisa kati ya kumi wanaonipigia wanapojichanganya, wanakuja na hasira ya bili wakati mlango uliofunguliwa ni wa kubishia bei.

Sasa bili inatokaje kwenye hiyo bei?

Kila mwaka madiwani wanapitisha bajeti ya manispaa, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kwenye bajeti wanapanga kiwango, yaani kwa kila randi moja ya thamani unalipa sehemu gani ya senti. Chukua mfano wa 0.009, ni namba ya mfano tu ili hesabu iwe nyepesi, ya kwako iangalie kwenye viwango vya mwaka huo. Nyumba ya kuishi kuna sehemu ya mwanzo ya thamani haitozwi. Sheria inasema randi 15,000 za kwanza manispaa isiguse kabisa, lakini manispaa nyingi kubwa zinasamehe zaidi ya hapo, tuseme ya kwako inasamehe 300,000. Nyumba imeandikwa 1,650,000, ukitoa 300,000 inabaki 1,350,000, zidisha kwa 0.009 unapata randi 12,150 kwa mwaka, ambayo ni 1,012.50 kwa mwezi. Basi, hakuna uchawi.

Na kwa sababu kuna namba mbili zinazozidishwa, thamani kupanda mara mbili hakumaanishi reti inapanda mara mbili. Daftari jipya likitoka na nyumba zote zimepanda, kawaida madiwani wanashusha kiwango ili jumla isiruke sana. Anayeumia ni yule ambaye nyumba yake imepanda kuliko za wengine. Ukiona mtaa mzima umepanda asilimia 20 na wewe umepanda 70, hapo kaa chini uangalie kwa nini.

Nani anapanga hiyo thamani, kuna mtu alikuja kwangu?

Yawezekana hakuna aliyekuja. Manispaa inateua mthamini wake ambaye lazima awe amesajiliwa kitaaluma, naye ana nyumba laki kadhaa za kuthaminisha, hawezi kupiga hodi kila mlango. Sheria inamruhusu kutumia picha za angani, mauzo ya nyumba zinazofanana, na mifumo ya kompyuta ya kuthaminisha kwa mkupuo. Inavyokwenda ni hivi: wanachukua mauzo yote yaliyosajiliwa ofisi ya hati katika mtaa, wanayachuja yale ya ajabu ajabu, wanatafuta nyumba za pale zinauzwaje kwa ukubwa wa jengo, ukubwa wa kiwanja, ubora na mahali, halafu fomula hiyo inamwagwa kwenye nyumba zote za mtaa.

Njia hii kwa wastani sio mbaya, inakosea kwa nyumba moja moja. Fomula haijui kama paa lako linavuja, kama nyuma kuna korongo, kama banda lililoonekana kwenye picha ni la jirani. Inajua kilichoandikwa kwenye kumbukumbu za manispaa, na kumbukumbu zikiwa na makosa thamani inakuwa na makosa. Ndio maana swali la kwanza ninalouliza mtu sio "unadhani nyumba yako ina bei gani", namuuliza wameandika mita ngapi za mraba.

Wakija wenyewe, wanaruhusiwa kuingia kati ya saa moja na nusu asubuhi na saa moja jioni, isipokuwa Jumapili na sikukuu, na wawe na kitambulisho. Ushauri wangu waruhusu. Mtu aliyefunga geti halafu baadaye analalamika wamekisia, amejikisia mwenyewe.

"Thamani ya soko" ni ya lini? Mbona bei zimeshuka na wao hawajashusha?

Hili swali ningeliandika kwa herufi nyekundu kama ningeweza. Thamani ni ile ambayo nyumba ingeuzwa kwa muuzaji aliyeridhika na mnunuzi aliyeridhika, kwenye soko la wazi, katika tarehe ya uthamini. Tarehe hiyo ni moja kwa daftari zima, na haitakiwi kuwa nyuma zaidi ya miezi 12 kabla ya mwaka wa fedha ambao daftari linaanza kutumika. Daftari la Johannesburg linaloitwa GV2023 kwa mfano lilianza kutumika 1 Julai 2023 lakini tarehe yake ya uthamini ni 1 Julai 2022. Maana yake hata ukiwa mwaka 2025 unabishia thamani ya nyumba hiyo, swali linabaki lile lile, je siku ile ya Julai 2022 ingeuzwa bei gani?

Kwa hiyo mtu anakuja na ripoti ya benki ya mwaka jana, nzuri kabisa, ina muhuri na picha za rangi, na haimsaidii kitu kwa sababu ni ya tarehe nyingine. Au anasema jirani kauza juzi kwa bei ya kutupa. Juzi sio tarehe ya uthamini. Utafute mauzo yaliyo karibu na tarehe yao, miezi michache kabla au baada.

Daftari linakaa muda gani?

Kwa majiji makubwa mwisho miaka minne, kwa manispaa nyingine miaka mitano. Hiyo ni baada ya sheria kurekebishwa 2014, na kuna nafasi ya kuongezewa muda kwa ruhusa ya waziri wa serikali za mitaa wa mkoa, majiji mpaka mitano na wengine mpaka saba. Baada ya hapo inabidi wafanye uthamini mpya wa jumla.

Kulinganisha na nyumbani kidogo. Nairobi walitumia daftari la 1980 kwa karibu miaka 40, miaka ya mwisho wakitoza asilimia 34 ya thamani ya ardhi tupu bila jengo, ndio maana ghorofa na kibanda kwenye viwanja vinavyolingana vya mtaa mmoja viliweza kulipa sawa. Bongo tangu 2021 kodi ya jengo nyumba za kawaida inakatwa kwenye LUKU, ikaanza na 1,000 kwa mwezi ikaja kuwa 1,500, hakuna cha mthamini wala pingamizi, umeme ukinunua umelipa. Huku kwa Madiba ardhi na jengo vinathaminiwa pamoja, na kila baada ya miaka michache, kwa hiyo ukiongeza vyumba unalipa zaidi na ukikosewa una pa kwenda kusema.

Najuaje daftari jipya limetoka? Mimi barua sijapata.

Manispaa inatakiwa itangaze kwenye gazeti la serikali la mkoa na mara moja kwa wiki kwa wiki mbili mfululizo kwenye vyombo vya habari, na imtumie kila mwenye nyumba barua yenye kipande cha daftari kinachomhusu. Kuanzia hapo kuna kipindi cha kulikagua na kuweka pingamizi ambacho hakitakiwi kupungua siku 30. Kwa kawaida inakuwa kati ya Januari na Mei, kabla halijaanza Julai.

Shida ya watu wetu: barua inakwenda kwenye anwani iliyopo kwenye akaunti ya manispaa, na wengi wetu pale pameandikwa anwani ya wakili aliyehamisha nyumba au ya nyumba tuliyokuwa tunapanga zamani. Au mtu yuko Lubumbashi na nyumba kampangisha shemeji. Barua isipofika siku zinaendelea kuhesabika. Badilisha anwani na weka imeli inayofanya kazi, na ukifika mwaka wa daftari jipya ingia tovuti ya manispaa mwenyewe, andika namba ya stendi, angalia.

Mimi nina fleti kwenye jengo la fleti nyingi, inanihusu au ni kamati ya jengo?

Inakuhusu wewe. Fleti yenye hati yake inathaminiwa peke yake, pamoja na fungu lako kwenye maeneo ya pamoja, na bili ya reti ni yako. Ile ada ya kila mwezi unayolipa kamati ni kitu kingine. Ila hapa kuna unafuu: fleti zinafanana, kwa hiyo ukitaka kuonyesha umekosewa una mifano mizuri ndani ya jengo lako hilo hilo.

Nataka kupinga. Naanzia wapi?

Anza kwa kusoma mstari wako kwenye daftari kama unavyosoma mkataba. Ukubwa wa kiwanja, ukubwa wa jengo kama umewekwa, matumizi waliyoandika (kuishi, biashara, kiwanja kitupu), mmiliki, na thamani. Makosa ya wazi yanashinda haraka kuliko mabishano ya bei. Kundi la matumizi nalo liangalie kwa jicho kali sababu biashara na kiwanja kitupu kwa kawaida vina kiwango cha juu kuliko makazi, nimeona mtu ana thamani sahihi kabisa ila anatozwa kama duka sababu mwenye nyumba wa zamani alikuwa na saluni gereji.

Kisha tafuta mauzo. Unahitaji matatu, ukipata matano vizuri, ya nyumba zinazofanana na yako, mtaa huo huo au wa pili yake, karibu na tarehe ya uthamini. Kumbukumbu za mauzo ziko ofisi ya hati na kuna kampuni zinazouza ripoti zake kwa bei ya soda kadhaa, au dalali wa mtaa anazo, muombe vizuri. Usichukue bei za matangazo. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji.

Baada ya hapo unajaza fomu ya pingamizi ya manispaa, ambayo inakutaka useme unapinga nini hasa na wewe unaona thamani sahihi ni ngapi. Mahali pa kuandika thamani yako usipaache wazi, na usiandike namba ya kijinga. Nilishakutana na kaka mmoja aliandika randi moja. Eti kupeleka ujumbe.

Pingamizi lazima liwe la nyumba maalum, huwezi kupinga daftari zima kwa ujumla wake. Na sio lazima uwe mmiliki, mpangaji anaweza, jirani anaweza, hata kupinga kwamba nyumba ya fulani imethaminiwa chini mno inaruhusiwa.

Sababu gani hazisikilizwi?

Hizi nazipata kila msimu, nitazipitia maana ndizo zinawapotezea watu muda.

"Siwezi kulipa." Inauma lakini haihusiani na bei ya nyumba. Kama wewe ni mzee wa pensheni au kipato ni kidogo, manispaa nyingi zina punguzo kwa ajili hiyo, lina fomu yake tofauti, kaombe huko.

"Bili imepanda sana." Umeshajua, bili ina namba mbili na ya pili inapangwa kwenye bajeti. Hiyo unaisemea wakati bajeti inajadiliwa.

"Barabara mbovu, taka hazizolewi." Hapa kuna nusu ya hoja. Kama ubovu huo umeshusha bei za mauzo mtaani, utaonekana kwenye mauzo yenyewe, basi leta mauzo. Ukileta picha za mashimo peke yake hujathibitisha bei.

"Nilinunua kwa bei ndogo kuliko hiyo." Hii inaweza kuwa dhahabu au takataka. Ulinunua sokoni kawaida, kupitia dalali, karibu na tarehe ya uthamini? Ni ushahidi wako bora kuliko wote, weka mkataba mezani. Ulinunua mnada wa benki, au kakuuzia binamu, au talaka mkagawana? Huyo sio muuzaji aliyeridhika kwenye soko la wazi, wataiweka pembeni na watakuwa sahihi.

"Jirani thamani yake ndogo." Hii ni dhaifu. Inawezekana yeye ndiye kakosewa, na usije ukashangaa ukamchongea.

Nikiweka pingamizi naacha kulipa?

Hapana! Sheria iko wazi, pingamizi au rufaa haisimamishi malipo. Endelea kulipa bili kama ilivyo, riba za manispaa haziangalii kwamba una kesi. Ukishinda wanapiga hesabu tangu siku daftari lilipoanza kutumika na tofauti inarudi kwako, mara nyingi kama salio kwenye akaunti sio hela mkononi. Na ikiwa mthamini ataona kumbe alikuwekea chini akapandisha, na yeye atadai tofauti. Ndiyo, anaweza kupandisha. Kwa hiyo usipinge kwa kubahatisha wakati una bwawa la kuogelea jipya ambalo hawajaliona.

Tupe mfano wa kweli, hatua kwa hatua.

Sawa. Mama mmoja ninayemfahamu, mtu wa Tanga, ana nyumba ya vyumba vitatu kwenye manispaa ambayo sitaitaja. Tarehe ya uthamini ilikuwa 1 Julai 2022. Daftari likaja na 1,650,000. Yeye alitaka kupiga kelele, nikamwambia mama tulia kwanza tuangalie. Kwenye kumbukumbu jengo limeandikwa mita za mraba 214, wakati ramani yake iliyopitishwa inasema 148. Zile 66 za ziada zilitoka wapi? Tukafungua picha ya angani, tukaona nyumba ndogo ya uani, nzuri tu, ila iko upande wa pili wa ukuta, ya jirani. Aliyechora mstari kwenye kompyuta kaupitisha vibaya.

Tukatafuta mauzo. Moja Novemba 2021 kwa 1,150,000, moja Machi 2022 kwa 1,180,000, nyingine Agosti 2022 kwa 1,240,000. Ya Agosti ilikuwa imekarabatiwa jiko. Kulikuwa na ya nne ya 890,000 ambayo mama aliitaka sana, nikaikataa, ilikuwa mnada. Ukiweka ushahidi mmoja wa hovyo unachafua na ile mitatu mizuri.

Fomu tukaandika 1,200,000, tukaambatisha ramani, picha ya angani yenye mstari mwekundu wa ukuta, picha nne za nyumba na karatasi moja ya mauzo matatu yenye tarehe, ukubwa na bei. Kurasa saba jumla. Tukaipeleka kwa mkono na kupigiwa muhuri kwenye nakala. Muhuri huo ulitusaidia, sababu baada ya miezi minne tuliambiwa faili halionekani, tukatoa nakala, likaonekana.

Mthamini akashusha mpaka 1,230,000. Sio 1,200,000 tuliyoomba lakini alieleza kwamba kiwanja chake ni kikubwa kidogo kuliko zile tatu, na kwa kweli ni kikubwa. Tukaacha hapo. Sasa reti: ukitumia ile mifano yetu ya 300,000 na 0.009, inayotozwa ni 930,000, kwa mwaka 8,370, kwa mwezi 697.50. Kutoka 1,012.50 ni tofauti ya randi 315 kila mwezi. Lilichukua miezi 11 tangu daftari kuanza, kwa hiyo salio lililorudi ni 3,465.

Mbona lilichukua muda hivyo?

Moja ya sababu ni kwamba mthamini akibadilisha thamani kwa zaidi ya asilimia 10, juu au chini, haiishii kwake. Anatakiwa aandike sababu kwa meneja wa manispaa, na uamuzi huo unapelekwa kwa bodi ya rufaa ya uthamini ikauhakiki, hata kama hujakata rufaa. Kesi ya mama ilishuka kama asilimia 25, ikaenda huko. Bodi inaweza kuthibitisha, kubadilisha au kufuta. Kwa hiyo ukipata barua ya ushindi mnono usinunue sofa bado.

Wamenikatalia. Kuna pengine pa kwenda?

Kwanza omba sababu kwa maandishi, una siku 30 tangu upewe uamuzi. Omba hata kama unadhani unazijua, maana ukiziona ndio unajua mauzo gani wao walitumia, na mara nyingine utakuta wametumia nyumba za ng'ambo ya barabara kuu, mtaa wa wenye nazo.

Kisha rufaa kwa bodi ya rufaa ya uthamini. Muda ni siku 30 tangu upewe uamuzi, au siku 21 tangu utumiwe sababu kama uliziomba. Bodi inateuliwa na waziri wa serikali za mitaa wa mkoa, mwenyekiti ni mtu wa sheria, na kuna wajumbe wawili mpaka wanne wenye ujuzi wa uthamini, angalau mmoja awe mthamini aliyesajiliwa. Diwani wala mfanyakazi wa manispaa hiyo hawaruhusiwi kukaa humo. Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Wengi wanaenda wenyewe. Wanachotaka kusikia ni kile kile cha mauzo, ukubwa na tarehe, na dakika kumi zinatosha ukijipanga. Kwa nyumba ya kawaida usikodi mtaalamu kabla hujapiga hesabu: kama unagombania 60,000 ya thamani, kwa 0.009 hiyo ni randi 540 kwa mwaka, na mthamini wa binafsi anaweza kukutoza zaidi ya hiyo kwa ripoti moja.

Baada ya bodi kinachobaki ni Mahakama Kuu, na gharama za huko kwa nyumba ya familia mimi sijaona mtu zikamlipa.

Siku za pingamizi zimenipita. Ndio basi?

Sio basi kabisa. Angalau mara moja kila mwaka manispaa lazima itoe daftari la nyongeza, chini ya kifungu cha 78. Humo zinaingia nyumba zilizosahaulika, viwanja vilivyogawanywa au kuunganishwa, nyumba ambazo thamani imepanda au kushuka sana kwa sababu fulani, zilizobadilisha matumizi, zilizokosewa thamani kwa kiwango kikubwa, na makosa ya kuandika. Unaandika barua au unajaza fomu ya maulizo ya kifungu hicho, unaeleza kosa. Neno "kubwa" lina uzito hapo. Mita 66 za jirani zingeingia. "Naona ingekuwa chini kidogo" haiingii.

Na ujue daftari la nyongeza linatumia tarehe ile ile ya uthamini wa jumla. Ukijenga chumba cha pili 2025 na daftari lenu ni la tarehe ya 2022, wanakithamini kwa bei za 2022.

Nimeongeza vyumba vya kupangisha uani, watajua?

Watajua. Ramani ikipitishwa inaacha alama, na usipopitisha ramani picha za angani zipo. Thamani ikibadilika kwa tukio kama hilo reti mpya inahesabiwa tangu siku ya tukio, sio tangu siku waliyogundua, kwa hiyo inakuja kwa mkupuo. Nimeona bili ya miezi 19 ikiingia siku moja. Vile vile nyumba ikiungua au ukibomoa, wewe ndiye wa kukimbia kuwaambia, na usisubiri wakuone.

Nauza nyumba na nina pingamizi halijaamuliwa, inakuwaje?

Ili nyumba ihamishwe jina lazima upate cheti kwamba hudaiwi na manispaa kwa miaka miwili iliyopita kabla ya kuomba, hiyo ni Sheria ya Mifumo ya Manispaa, namba 32 ya 2000. Cheti kinahesabu bili ilivyo, haisubiri pingamizi lako. Lipa, upate cheti, na kwenye mkataba wa mauzo andikeni kabisa nani atachukua salio likirudi, maana likishaingia kwenye akaunti baada ya wewe kuondoka kulifuata ni safari. Madeni ya zamani ya muuzaji hayamfuati mnunuzi, Mahakama ya Katiba ilishalisema hilo 2017. Ukidaiwa reti za miaka ya mwenye nyumba aliyekutangulia usilipe kwanza, waoneshe tarehe ya hati yako.

Unaweza kunijazia fomu?

Kama una mita za mraba kutoka kwenye ramani na mauzo matatu yenye tarehe, nitumie wasap jioni. Kama una hasira tu, nipigie Jumamosi tunywe chai kwanza.